Silabi ya nne ya Antoni

Mstari ulionitesa kuliko yote kwenye hotuba ya Antoni, ile ya tamthilia ya Juliasi Kaizari, una maneno sita tu, na nimeusoma vibaya kwa miaka kama kumi na tano bila mtu kuniambia kitu. Huu hapa:

```
Hath told you Caesar was ambitious
```

Yaani Bruto kawaambia Kaizari alikuwa na uchu wa madaraka. Rahisi kabisa. Shuleni tulikuwa na klabu ya drama, mimi nikapewa Antoni kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa (sababu nyingine sikuwahi kuiona), na nikaukariri mzigo mzima kama mtu anavyokariri namba za simu. Siku ya maonyesho nikapiga kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho, watu wakapiga makofi, nikaamini naweza.

Miaka imepita, nimejiunga na kikundi chetu cha kusoma tamthilia, tunakutana Jumamosi jioni barazani kwa mzee mmoja aliyestaafu ualimu, sote tunamwita Babu. Zamu yangu ikafika nikasema ngoja niwaonyeshe. Nikasimama, nikashusha ile hotuba. Nilipomaliza Babu akanyamaza, akakoroga chai yake, halafu akasema, "Mjukuu wangu, unasoma kama unahesabu magunia. Kaa. Usiniigizie, nipigie meza kwanza."

Nipige meza. Mtu mzima mimi.

Lakini nilipiga, na hiyo jioni ndo nilielewa kitu ambacho hakuna darasa lililowahi kunieleza vizuri, kwa hiyo nataka nikionyeshe hapa polepole, mstari kwa mstari, kama alivyonionyesha yeye.

Kwanza kisa chenyewe kwa wasiokikumbuka. Ni tamthilia ya Shekspia ya 1599, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka 1963 na kisha akaipitia upya na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1599, tarehe 21 Septemba, Mswisi mmoja aitwaye Thomas Platter alivuka mto kule London akaenda kuangalia mchezo wa Kaizari kwenye jumba lililoezekwa nyasi, akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba waigizaji walikuwa kama kumi na tano. Mimi hiyo habari ya nyasi huwa inanifurahisha tu, sina sababu nyingine ya kuitaja.

Kitendo cha tatu, onyesho la pili: Kaizari kashauawa na Bruto na wenzake, maiti ipo, umati umechachamaa. Bruto anapanda kwanza kujieleza, na sikiliza hapa, Bruto anaongea kwa nathari. Maneno ya kawaida, sentensi zimepangwa vizuri kama za wakili, hazina mapigo. Watu wanamshangilia. Kisha anakuja Antoni, rafiki wa Kaizari, na yeye anaongea kwa shairi, lakini shairi lisilo na vina, ambalo Waingereza walikuwa wamelitumia kwa miaka kama sitini hivi tangu bwana mkubwa mmoja wa Surrey alipolijaribu kutafsiria Virgili, mshairi wa Kirumi, kabla mfalme hajamkata kichwa 1547. Halina vina mwishoni, halina kibwagizo, hakuna chochote ambacho sisi tuliokulia kwenye shairi la mizani kumi na sita tungekitambua kama shairi. Kilichobaki ni mapigo. Silabi kumi, moja nyepesi moja nzito, nyepesi nzito, mara tano. Ta-TAM ta-TAM ta-TAM ta-TAM ta-TAM. Kila jozi ndo wanaiita iambi, na zikiwa tano kwa mstari basi ni pentamita.

Sasa hapa ndo penye tatizo letu. Sisi mkazo hatuuchagui. Kiswahili kimeshatuamulia: silabi ya pili kutoka mwisho, basi, kitabu ni ki-TA-bu, ukiongeza kiambishi mkazo unahama wenyewe na wewe wala huna habari. Ndo maana ushairi wetu unahesabu mizani na vina na haujishughulishi na mkazo, kwa sababu mkazo uko palepale kila siku kama mlinzi wa getini. Kiingereza hakina utaratibu huo, kila neno limezaliwa na mkazo wake, na maneno ya silabi moja ndo kabisa, yanapata uzito kutokana na maana tu. Kwa hiyo mdomo wa Mswahili ukikutana na "honourable" unasema hono-RA-bo, mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mbele ya shule nzima, wakati wenyewe wanaugonga mwanzo kabisa, HON-our-a-ble.

Babu akanipa penseli. Utaratibu wake hauna makuu lakini mfuatano wake una maana. Unahesabu silabi kwa vidole kwanza, hugusi mkazo. Halafu unaweka alama kwenye maneno marefu tu, yale ambayo kamusi inakuambia mkazo wake uko wapi, maana hayo hayana mjadala. Halafu maneno mafupi yenye nyama, majina na vitenzi. Vile vidogodogo vya "na", "ya", "kwa" unaviacha wazi. Mwisho kabisa ndo unalaza ta-TAM juu yake uone wapi vinakubaliana na wapi vinagombana. Ukianza na ta-TAM, alisema, utailazimisha mistari yote ikae sawa na hutaona kitu, kama mtu anayepima nguo akiwa ameshaikata.

Alama zangu ziko hivi: herufi kubwa ni silabi yenye uzito wa kweli, nyota ni mahali ambapo pigo lipo lakini sauti inapita kwa mkono mwepesi, na alama ya kujumlisha ni silabi iliyozidi. Twende.

```
FRIENDS, RO | mans, COUN | try-men*, | LEND me | your EARS
```

Rafiki, Warumi, wananchi, nipeni masikio. Silabi kumi, sawa. Lakini angalia jozi ya kwanza, nzito mbili zimegongana, na ya nne imegeuka kichwa chini, nzito imetangulia. Anaanza na neno la silabi moja, anafuata la mbili, anafuata la tatu, kama mtu anapanda ngazi huku umati bado unapiga kelele. Na lile LEND lililogeuka limekaa mara baada ya kituo, na huo ni utaratibu wake: jozi inaruhusiwa kupinduka mwanzoni mwa mstari au baada ya pumziko. Ikipinduka katikati ya pumzi moja bila sababu, mara nyingi sio mshairi aliyekosea, ni wewe umeweka mkazo wa neno vibaya. Rudi kwenye kamusi.

```
i COME | to BU | ry CAE | sar, NOT | to PRAISE + him
```

Nimekuja kumzika Kaizari, si kumsifu. Huu ndo wa kwanza kutulia kabisa, ta-TAM mwanzo mwisho, na una silabi kumi na moja, ya mwisho nyepesi imening'inia. Hiyo inaruhusiwa. Unapata mtu anayesema kwa utulivu jambo ambalo ni uongo mtupu, na mapigo yamenyooka kama rula. Babu alinifanya niugonge mezani mara sita, vikombe vinaruka.

```
the E | vil that* | MEN DO | LIVES AF | ter them*
```

Ubaya wautendao watu huishi baada yao. Hapa nilikwama, nikamwambia Babu huu umeharibika. Pigo la pili limeangukia "that", kineno cha kuunganisha tu, halafu MEN na LIVES zimekaa kwenye nafasi nyepesi na zenyewe ni nzito. Akacheka. "Haujaharibika, umebeba mzigo." Na ukiusoma unasikia, ulimi unakwenda haraka kwenye "evil that" halafu unakanyaga matope, men, do, lives, af, huwezi kuharakisha hata ukitaka. Ukifuata ta-TAM kwa nguvu na kusema evil THAT utachekesha watu. Ni kama ngoma: mapigo yanaendelea kichwani kwa kila mtu hata pale mpigaji anapoacha mkono hewani, na mchezaji hapotei, ila ukigonga kila pigo kwa nguvu ileile hiyo sio ngoma tena, hiyo ni kutwanga.

```
the GOOD | is OFT | in-TER | red with* | their BONES
```

Wema mara nyingi huzikwa pamoja na mifupa yao. Leo "interred" ni silabi mbili, in-TERD. Hesabu kwa vidole, unapata tisa, na tisa ni dalili. Silabi moja imemezwa. Zama zile mwisho wa kitenzi wa namna hii uliweza kutamkwa kama silabi kamili, kwa hiyo in-TER-red, na matoleo mengi ya sasa yanaweka kialama juu ya ile e ili usipotee. Mistari minne mbele kuna "answered", yenye mwisho uleule, lakini hapo ukiitamka yote unapata kumi na moja na pigo linavurugika, kwa hiyo inakunjwa inakuwa mbili. Mwisho mmoja, matamshi mawili, na anayeamua ni hesabu ya mstari.

```
so LET | it BE | with CAE + sar. | the NO | ble BRU + tus
```

Basi na iwe hivyo kwa Kaizari. Bruto mwungwana... Silabi kumi na mbili! Kama ni mizani yetu huyu angeambiwa amevunja arudi nyumbani. Lakini silabi moja iliyozidi imeanguka pale penye nukta, katikati, na nyingine mwishoni, na masikio yanazisamehe zote mbili kwa sababu zinaangukia kwenye pumzi. Jina la Kaizari linamwagika upande mmoja, la Bruto upande mwingine. Sijui kama alikusudia, mi nasema tu nilichokisikia nilipogonga meza.

Halafu ndo huyu adui yangu.

```
hath TOLD | you CAE | sar was* | am-BI | ti-ous*
```

Mimi nilikuwa nasema am-BI-shas, silabi tatu, na mstari unaisha kwa tisa, na kwa sababu unaisha mapema nilikuwa naujaza kwa kelele. Kila mara. Kumbe neno lina silabi nne: zama hizo miisho ya namna hii iliweza kutamkwa kwa kuivuta, na mara nyingi wanaivuta ikiwa mwishoni mwa mstari. Am-BI-ti-ous. Mistari kadhaa mbele kuna neno ndugu yake, "ambition", liko mwanzoni mwa mstari na hapo linahesabiwa tatu tu:

```
am-BI | tion SHOULD | be MADE | of STERN | er STUFF
```

Kwa hiyo kila Antoni anapofika mwisho wa mstari na kusema lile neno, anatakiwa kulitambaza. Sio kulipigia kelele, kulitambaza, kama mtu anayetema kitu ambacho hakiamini. Waigizaji wengi wa sasa wanasema silabi tatu na wanaacha kimya kidogo mahali pa ile ya nne, na inafanya kazi pia, maana umati unapata nafasi ya kujiuliza. Ila ni lazima ujue kuna kitu pale. Mimi nilikuwa sijui kuna shimo, nikawa nalirukia bila kuliona.

Nitaruka mistari michache hapa, ile ya "kama ni kweli lilikuwa kosa kubwa" na wenzake, inakaa vizuri na ukishaelewa hiyo ya juu utaigonga mwenyewe. Nataka nifike kwenye kile kilichonifanya niandike haya yote.

Ndani ya hotuba kuna mistari miwili inarudi rudi. Umati ulishaizoea, wasomaji wameshaizoea, kila mtu anaijua. Ilaze mmoja juu ya mwingine hivi:

```
but BRU | tus SAYS | he was* | am-BI | ti-ous*
and BRU | tus IS | an HON | our-a* | ble MAN
```

Lakini Bruto anasema alikuwa na uchu; na Bruto ni mtu wa heshima. Shuleni mimi uzito wangu wote ulikuwa kwenye uchu na heshima, maneno makubwa, si ndio yenye maana? Nikasoma hivyohivyo kwa Babu. Akaninyang'anya penseli akachora mstari wa wima kupita kwenye mistari yote miwili, kwenye silabi ya nne. SAYS. IS. Zimekaa palepale, pigo lilelile, moja juu ya nyingine.

"Anasema," Babu akasema. "Ni. Anasema. Ni. Umeona anachokifanya huyu mwanaharamu?"

Nikaona. Antoni ameahidi kutomlaumu Bruto, hilo ndo sharti alilopewa kabla ya kupanda, hawezi kusema Bruto mwongo. Kwa hiyo anayaachia mapigo yaseme. Bruto ANASEMA. Yaani ni yeye ndo anayesema. Uzito ukiangukia pale, neno zima la uchu linageuka kuwa madai tu ya mtu. Halafu mstari unaofuata, palepale, Bruto NI mtu wa heshima, na mara ya kwanza unaipitisha kwa mkono mwepesi kabisa kwa sababu "is" ni kineno tu, ningeiwekea nyota, umati bado unampenda Bruto na ukiigonga mapema watakuzomea. Mara ya pili unaigusa kidogo. Mara ya tatu zaidi. Na mara ya nne Shekspia mwenyewe anabadilisha mstari, jina la Bruto linatoka kabisa:

```
and SURE | he IS | an HON | our-a* | ble MAN
```

Na hakika yeye ni mtu wa heshima. Pigo lililokuwa la jina sasa limekuwa la "hakika", na IS haijasogea hata kidogo, bado ya nne. Kufikia hapo huhitaji kuigiza kejeli, huhitaji kukunja uso, ukiheshimu mapigo tu kejeli inatoka yenyewe. Mimi nilikuwa nakunja uso kuanzia mstari wa kwanza, kwa hiyo nilipofika wa nne sikuwa nimebakiwa na kitu.

Nikamuuliza Babu sasa hiki kitu kwa Kiswahili kinawezekana? Nikitegemea aseme hapana. Akafikiri, akaniangalia, akasema, "Nataka kula wali na samaki." Nikadhani anaagiza chakula. Akagonga meza:

```
na-TA | ka KU | la WA | li na* | sa-MA + ki
```

Iambi tano na silabi moja ya ziada mwishoni. Tulicheka mpaka mkewe akatoka nje kuuliza kuna nini, na akatuambia samaki hakuna.

Lakini angalia ile ya ziada, haikutokea kwa bahati. Kwetu mkazo uko wa pili kutoka mwisho kwa hiyo mstari wa Kiswahili karibu kila mara utaishia kwenye silabi nyepesi, labda uumalize na kineno kama "tu". Kile ambacho kwa Kiingereza ni ruhusa, silabi ya kumi na moja inayoning'inia, kwetu ndo kawaida. Na maneno yetu ni marefu. "Caesar" ni silabi mbili, Kaizari ni nne, ka-i-ZA-ri, jina peke yake limekula karibu nusu ya mstari. Na kubwa kuliko yote, ule mchezo wa silabi ya nne hauhami kirahisi, kwa sababu "anasema" mkazo wake uko SE na huwezi kuusogeza ili kumsuta mtu. Sisi tukitaka kusuta tunabadilisha mpangilio au tunaongeza neno, eti, ati, kumbe, hayo ndo yanafanya kazi ya mkazo kwetu. Bruto eti anasema. Umeona? "Eti" moja imebeba kila kitu ambacho Antoni anakibeba kwa kugonga SAYS.

Wiki nzima nilikuwa naendea kazini kwenye daladala nagonga vidole kwenye goti nikijaribu mstari wa "nimekuja kumzika Kaizari, si kumsifu" ukae kwenye iambi. Dada aliyekaa pembeni yangu siku moja alihama siti. Jina halikuingia, nililigeuza kila upande, mwishowe nikalitoa, nikapata hiki:

```
si-KU | ja ku* | m-SI | fu, na* | m-ZI + ka
```

Sikuja kumsifu, namzika. Kumi na moja, mapigo matano, mawili kati yake mepesi. Jumamosi nikampelekea Babu. Akaugonga mara mbili, akanyanyua kichwa.

"Unamzika nani?"

Nikamwambia jina limegoma kuingia.

"Basi maiti haina jina," akasema, akanirudishia karatasi na penseli. "Endelea kugonga."